Kamera ya papo hapo, picha iliyotulia au kadi: ipi imfae mgeni asiyekula nguruwe au karanga mbele ya menyu ya Kichina

Neno lililonifanya niache kuiamini tafsiri ya kamera peke yake ni "nyama". Sisi tukisoma "nyama" kwenye menyu, akilini anakuja ng'ombe, au mbuzi. Kama ni nguruwe, tunatarajia atajwe kwa jina. Kichina kinakwenda kinyume. Herufi 肉 ikikaa peke yake kwenye jina la chakula, karibu kila mara ni nguruwe, na wanaotajwa kwa jina ni wale wengine: 牛肉 ni ng'ombe, 羊肉 ni kondoo au mbuzi, 鸡肉 ni kuku. Kwa hiyo simu ikikuandikia "nyama iliyopikwa kwa rangi nyekundu" mahali palipoandikwa 红烧肉, haijakosea neno hata moja, na mgeni wako ataletewa vipande vya tumbo la nguruwe.

Nina mama mkwe asiyekula nguruwe kwa sababu ya dini, na nina mpwa ambaye karanga na korosho zinaweza kumpeleka hospitali. Nimewahi kuketi nao wote wawili meza moja, menyu ni ya Kichina tupu na hakuna picha hata moja ya chakula. Ninazolinganisha hapa ni njia tatu nilizozitumia: kuelekeza kamera juu ya menyu na kusoma tafsiri inayojitokeza papo hapo; kupiga picha iliyotulia, kutoa maandishi yake na kuyasoma herufi kwa herufi; na kumpa mhudumu kadi iliyoandikwa Kichina. Kila moja inajibu swali lake, na hatari huanzia pale unapoiuliza njia moja swali la nyingine.

Kamera ya papo hapo

Hii ndiyo ya haraka kuliko zote. Ndani ya dakika moja unajua ukurasa upi ni wa samaki, upi wa mboga, upi wa supu na upi wa vinywaji. Kwa kazi hiyo naipenda, kwa sababu menyu ya vyakula mia moja na ishirini huwezi kuisoma herufi kwa herufi huku watu wana njaa.

Ila kwa kuamua nani ale nini haifai, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni uoni wake. Menyu iliyopakwa plastiki inaakisi taa, mkono unatikisika, na maandishi yenye madoido au yaliyopangwa wima yanaichanganya. Dalili ni rahisi kuiona: tafsiri inabadilika kila unaposogeza simu kidogo. Mstari uliosomeka "ng'ombe" sekunde hii ukisomeka "mchana" sekunde inayofuata, ujue programu inakisia. Huo mfano sikuutunga. Ng'ombe ni 牛 na mchana ni 午, na tofauti yake ni kale kamstari ka wima, kwamba kamechomoza juu au hakakuchomoza. Na 午 ikiwa ni kweli ipo, angalia kama inafuatwa na herufi nyingine mbili: 午餐肉. Kwa tafsiri ya neno kwa neno ni "nyama ya chakula cha mchana", jina lisilotisha kabisa, kumbe ni nyama ya kopo, na kwa kawaida ni ya nguruwe.

Sababu ya pili ni kwamba majina mengi ya vyakula vya Kichina hayaorodheshi viungo. 蚂蚁上树 inatafsiriwa "sisimizi wapanda mti". Hao sisimizi ni punje za nyama ya nguruwe ya kusaga zilizoshikamana na tambi nyembamba. 狮子头, "kichwa cha simba", ni madonge makubwa ya nguruwe. 鱼香茄子 ni "bilinganya zenye harufu ya samaki" na samaki hamna humo. Huo ni mtindo wa viungo, na mara nyingi bilinganya hizo hukaangwa na nguruwe wa kusaga. 宫保鸡丁 ni kuku wa Gongbao, na Gongbao ni cheo alichokuwa nacho Ding Baozhen, gavana wa Sichuan katika karne ya 19. Jina linakupa historia ya mheshimiwa huyo na kukunyima habari unayoihitaji, kwamba humo mna karanga. Tafsiri iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kutoa kilichokuwa hakimo kwenye jina.

Picha iliyotulia, kisha herufi

Njia ya pili inachukua dakika kumi hivi, na ndiyo ninayoitegemea zaidi kuchagua. Weka menyu mezani, simama juu yake ili simu ilale sambamba na karatasi, zima mweko wa kamera, na piga ukurasa mmoja mmoja. Ukurasa ukiwa na safu mbili, piga kila safu peke yake. Programu husoma kutoka kushoto kwenda kulia na kuna siku inaunga jina la chakula cha safu ya kushoto na maelezo ya chakula cha safu ya kulia. Ukaguzi wangu ni kuhesabu bei. Bei kumi na mbili kwenye karatasi lazima zilingane na mistari kumi na miwili kwenye maandishi yaliyotolewa. Zikipatikana kumi na moja, kuna vyakula viwili vimeungana au kimoja kimemezwa, na picha inapigwa upya.

Kisha achana na tafsiri kwanza, angalia herufi zenyewe. Huna haja ya kujua Kichina. Unatafuta maumbo machache, kama unavyotafuta namba ya basi.

Kwa nguruwe ninatafuta 猪, ambayo kwa maandishi ya jadi ni 豬. Baada ya hapo naitafuta 肉 yoyote isiyotanguliwa na mnyama mwingine, ikiwemo 肉丝 ya vipande vyembamba na 肉末 ya kusaga. Halafu yale majina yasiyo na 猪 wala hayasemi lolote kwa mgeni: 排骨 ni mbavu, na zisipotajiwa mnyama ni za nguruwe, 里脊 ni sarara, na kwenye chakula kama 糖醋里脊 ni ya nguruwe, 火腿 ni paja lililokaushwa kwa chumvi, 叉烧 ni nguruwe wa kuchoma, 腊肉 na 腊肠 ni nyama na soseji za kukausha.

Kwa karanga na jamaa zake orodha ni fupi zaidi: 花生 ni karanga, 腰果 ni korosho, 核桃 ni jozi, 杏仁 ni lozi, 松仁 ni mbegu za msonobari, 坚果 na 果仁 ni majina ya jumla. Hapa kuna mitego inayofaa kuangaliwa kwa karibu. Herufi 腰 maana yake ni kiuno, au figo. Ikifuatwa na 果, yaani tunda, ni korosho, kwa kuwa korosho imejipinda kama figo. Ikifuatwa na 花, yaani ua, inakuwa 腰花, na hiyo ni figo ya nguruwe iliyochanjwa-chanjwa. Herufi moja inatenganisha chakula cha kumdhuru mpwa wangu na chakula ambacho mama mkwe hagusi, na programu iliyosoma vibaya herufi ya pili itawadanganya wote wawili. Vivyo hivyo 花椒 ina 花 ya karanga lakini ni pilipili ya Sichuan, ile inayotia ganzi ulimini, na 虾仁 ina 仁 ya lozi lakini ni kamba waliomenywa. Ndiyo maana nasoma jozi ya herufi, sisomi herufi moja.

Na mtego mkubwa kuliko wote ni 土豆. Neno kwa neno ni "maharage ya udongo". Katika China bara ni viazi. Taiwan ni karanga. Kwa hiyo kabla ya kumwagizia mtu mwenye mzio chakula chenye 土豆, angalia ukurasa mzima umeandikwa kwa herufi gani. Ukiona 雞 badala ya 鸡 na 豬 badala ya 猪, hizo ni herufi za jadi, ambazo ndizo zinazotumika Taiwan, na hapo unauliza kwanza.

Kuna na tatizo la upande wetu wa Kiswahili. Neno la Kichina 坚果 ni kundi zima, korosho, lozi, jozi na wenzake. Programu ikishindwa kupata neno moja la Kiswahili la kundi hilo hukimbilia "karanga" au "njugu". Kibotania karanga ni jamii ya kunde, na mtu anaweza kudhuriwa na karanga asidhuriwe na korosho, au kinyume chake. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1169/2011, inayotaja vyakula 14 vya kutahadharishwa, imeziweka karanga mahali pake na kundi la lozi na korosho mahali pake. Kwa hiyo tafsiri ikisema "haina karanga", rudi kwenye herufi uone iliyokanushwa ni 花生 au 坚果. Na kwa kuwa tumeigusa sheria hiyo: nguruwe hayumo kabisa kati ya vile 14. Alama ndogo za mzio kwenye menyu haziwezi kumlinda asiyekula nguruwe, hata zikiwa zimewekwa kwa uangalifu.

Kadi ya maandishi

Picha, hata ikisomwa vizuri kiasi gani, inakwambia kilichoandikwa. Haikwambii kilichoko jikoni. Mboga zinaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe na menyu isiseme. Supu ya uyoga inaweza kuanzia kwenye mifupa ya nguruwe. Karai lililotoka kukaanga Gongbao linaweza kupokea brokoli bila kuoshwa vizuri. Katika baadhi ya maeneo ya kusini mwa China mafuta ya karanga ni mafuta ya kila siku ya kupikia, na hakuna anayeyataja kwenye jina la chakula, kama vile nasi tusivyotaja mafuta ya alizeti. Mafuta ya karanga yaliyosafishwa sana kiwandani huwa yameondolewa karibu protini yote, lakini yaliyokamuliwa bila kusafishwa hayako hivyo, na mezani huwezi kuyatofautisha. Hayo yote yanahitaji binadamu wa kuulizwa.

Kadi niliyomwandikia mama mkwe ni hii:

```
我不吃猪肉。猪油、火腿、腊肉、肉末、猪骨汤也不能吃。
请指出哪些菜完全没有这些东西。
```

Inasema kwamba hali nguruwe, wala mafuta yake, paja la kukausha, nyama ya kukausha, nyama ya kusaga wala supu ya mifupa yake, na inaomba aonyeshwe vyakula visivyo na vitu hivyo kabisa. Ya mpwa ni hii:

```
我对花生和坚果（腰果、核桃、杏仁、松仁）严重过敏，吃了会有生命危险。
请指出哪些菜完全没有。你们用花生油吗？
请把锅洗干净，用新油炒。
```

Inataja karanga na kundi la korosho kwa majina yake, inaeleza kwamba ni hatari kwa maisha, inauliza kama wanatumia mafuta ya karanga, na inaomba karai lioshwe na mafuta yawe mapya.

Zitazame kadi zote mbili uone zinavyouliza. Haziulizi "chakula hiki kina nguruwe?" Swali hilo linajibiwa kwa kutikisa kichwa, na mhudumu mwenye haraka atatikisa upande wowote. Zinaomba aonyeshe kwa kidole. Anayeonyesha kwa kidole inabidi asome menyu yake, na asipojua ataenda kumwuliza mpishi, jambo ambalo ndilo unalolitaka. Nikiona ameonyesha vyakula ishirini ndani ya sekunde tano, naomba kadi ifike jikoni. Na kadi hizi ziandikwe nyumbani, zihakikiwe na mtu anayejua lugha, kisha zihifadhiwe kwenye simu kama picha. Mtandao ukikatika hazipotei, na tafsiri haibadiliki siku ya kuihitaji.

Udhaifu wa kadi ni kwamba inategemea uaminifu na ujuzi wa mtu mwingine. Mhudumu anaweza kuamini kwa dhati kwamba mchuzi wa kuku si nguruwe, asikumbuke unga wa supu uliotiwa humo. Ndiyo maana siipeleki kadi mikono mitupu. Naipeleka pamoja na vyakula vitano au sita nilivyokwisha kuvichagua kwa njia ya pili, ili mpishi awe na kazi ndogo ya kufikiria.

Meza ya watu wawili

Menyu ya siku ile ilikuwa na vyakula vingi, lakini vilivyonisumbua ni hivi. Nimeviweka sambamba kwa sababu kosa nililotaka kulifanya mwanzoni lilikuwa kutafuta orodha moja ya "salama", wakati kinachomfaa mmoja mara nyingi ndicho kinachomdhuru mwenzake.

| Kwenye menyu | Asiyekula nguruwe | Mwenye mzio wa karanga na korosho |
|---|---|---|
| 宫保鸡丁, kuku wa Gongbao | Yaelekea sawa, uliza mafuta | Hapana, karanga ni sehemu ya chakula |
| 腰果虾仁, kamba kwa korosho | Yaelekea sawa, uliza mafuta | Hapana |
| 鱼香茄子, bilinganya "za harufu ya samaki" | Hapana, mpaka mpishi akubali kuondoa nyama | Yaelekea sawa, uliza karai |
| 干煸四季豆, maharage mabichi ya kukaanga | Hapana, kwa kawaida yana nguruwe wa kusaga | Yaelekea sawa, uliza karai |
| 清蒸鲈鱼, samaki wa mvuke | Sawa, ukiuliza kilichowekwa juu yake | Sawa, ukiuliza mafuta ya kumwagia |
| 蒜蓉西兰花, brokoli kwa kitunguu saumu | Sawa, uliza mafuta | Sawa, uliza mafuta na karai |
| 番茄炒蛋, nyanya na mayai | Sawa, uliza mafuta | Sawa, uliza mafuta na karai |

Maharage mabichi yalinishangaza mara ya kwanza. Tafsiri ilisema "maharage ya misimu minne yaliyokaushwa", yalikuwa ukurasa wa mboga, na mtu yeyote angeyaagiza kwa moyo mweupe. Ukurasa wa mboga kwenye menyu ya Kichina maana yake ni kwamba mboga ndiyo kubwa sahanini, basi. Herufi inayoahidi kwamba nyama hamna ni 素. Hiyo humfaa mama mkwe sana, lakini kwa mpwa wangu ndipo ninapoongeza tahadhari, maana wapishi wa vyakula visivyo na nyama hupenda kuongeza karanga, korosho na mbegu za msonobari ili chakula kishibishe.

Kati ya mboga mbili zinazofanana, tazama neno la mbele. 蒜蓉 ni kitunguu saumu kilichopondwa, na mboga inakaangwa nacho. 上汤 ni "supu bora", na supu hiyo mara nyingi imechemshwa kwa kuku, mifupa ya nguruwe na paja la nguruwe lililokaushwa. Mchicha wa namna zote mbili utafika mezani wa kijani vilevile. Kwa asiyekula nguruwe nachukua 蒜蓉 na naiacha 上汤 bila hata kuuliza.

Samaki wa mvuke ndiye ninayempendekeza kwanza kwa wageni wote wawili. Hapitii karai la pamoja na viungo vyake ni vichache: tangawizi, majani ya kitunguu, mchuzi wa soya. Maswali yanabaki mawili tu. Wapishi wengine hulaza vipande vya 火腿 juu ya samaki kabla ya mvuke, na wengi humalizia kwa kummwagia mafuta ya moto, kwa hiyo mama mkwe anauliza kuhusu hilo paja na mpwa anauliza mafuta ni ya nini.

Basi uchague ipi

Kama mgeni hapendi tu ladha ya nguruwe au karanga, na akikosea mara moja hakuna baya, kamera ya papo hapo inatosha, mradi ukumbuke habari ya 肉.

Kama haruhusiwi na dini yake, anza na picha iliyotulia, malizia na kadi kwa ajili ya mafuta na supu. Kabla ya yote hayo tafuta mlangoni au juu ya menyu herufi 清真. Hiyo ni alama ya mkahawa wa Kiislamu, na ikiwepo nguruwe hayumo jikoni. Usiichanganye na 清蒸 ya samaki, inayomaanisha kupika kwa mvuke. Herufi ya kwanza ni moja, matamshi yanakaribiana, na ukimwuliza mhudumu kwa mdomo anaweza kukuitikia ndiyo akifikiri unaulizia samaki. Mwonyeshe imeandikwa.

Kama ni mzio mkali, kadi inatangulia, na inatoka kabla menyu haijafunguliwa. Picha inafuata kwa ajili ya kupunguza uchaguzi. Na ukiona mhudumu hajaelewa, au mpishi amejibu kwamba karai ni moja na mafuta ni yale yale, hakuna chakula cha kukaanga cha kumpendekezea mgeni huyo, hata brokoli. Siku ile kadi ya mpwa ilirudi kutoka jikoni ikiwa na jibu hilohilo: mafuta ni ya karanga, kwa kila kitu. Alikula wali mweupe na samaki wa mvuke asiyemwagiwa mafuta, aliyeletwa kwenye sahani yake mwenyewe, na sindano yake ya dharura ilikuwa mezani karibu na glasi ya maji. Mama mkwe alikula kuku wa Gongbao upande wa pili wa meza, na kijiko chake hakikuvuka.